Naomba mninyooshee barua pepe ya kumwita mwalimu mwenzangu aje kuangalia kipindi changu

Ticha wa 5B · Jumapili, saa 1:40 jioni

Habari za jioni wakuu. Nafundisha Hisabati shule ya msingi ya serikali hapa Dar, upande wa Temeke. Darasa la tano mkondo B, watoto 78, madawati 26, kila dawati watatu.

Wiki iliyopita nilifundisha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Darasa lilikuwa moto. Kila nikiuliza wanaitikia kwa sauti moja mpaka darasa la jirani wanachungulia. Nikauliza "Tumeelewa?" Wakajibu "Tumeelewaaa!" Nikatoa zoezi la maswali 5, nikakusanya madaftari, nikaenda nayo nyumbani. Watoto 41 kati ya 78 wameandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kana kwamba sikusimama pale mbele dakika 40.

Nataka mwenzangu aje aketi darasani nikirudia mada, aniambie ninapopoteza watoto. Mwaka jana nilimwomba mwalimu mwingine. Alikaa nyuma kipindi kizima, akatoka akaniambia "Kipindi kizuri, umejitahidi, ongeza zana." Basi. Mpaka leo sijui zana zipi.

Hii ndiyo barua niliyoandika, sijaituma bado:

> Kichwa: Ombi
>
> Mwalimu mwenzangu, habari za kazi. Naomba ukipata nafasi wiki ijayo uje uangalie kipindi changu cha Hisabati 5B, ili unipe maoni yako kuhusu ufundishaji wangu, ushirikishaji wa wanafunzi, matumizi ya zana, usimamizi wa darasa na mengineyo. Nitashukuru kwa mrejesho wowote. Asante.

Nahisi imepwaya lakini sioni wapi. Karibuni.

Dogo wa Mbagala · saa 1:52 jioni

Barua pepe kwa mtu mnayechangia naye birika la chai? Ticha, mfuate mezani umwambie "njoo kesho". Mnapenda urasimu nyie.

Ticha wa 5B · saa 1:58 jioni

Hatuchangii birika. Shule yetu ina zamu mbili, mimi asubuhi, yeye mchana. Tunapishana getini yeye anaingia mimi nakimbilia daladala. Ndiyo maana nimemlenga yeye, asubuhi ana nafasi. Na WhatsApp nimeikwepa kwa sababu kundi letu la shule limejaa michango ya harusi, ujumbe wangu utazama. Tena nataka kumwambatanishia kitu akisome kwa utulivu.

Mama Wawili · saa 2:15 usiku

Pole sana mwalimu. Mimi yalinikuta. Ukiandikiwa barua ya aina hiyo usikimbilie kujibu, kaa nayo usiku mmoja, na hakikisha andalio lako la somo na azimio la kazi viko sawa, maana hao wakija hawaji kukuangalia, wanakuja kukutafuta.

Ticha wa 5B · saa 2:19 usiku

Dada yangu hakuna aliyeniandikia. Mimi ndiye ninayemwita.

Mama Wawili · saa 2:31 usiku

Ooh, nisamehe, nimesoma haraka napika. Lakini basi nina la kusema hapo hapo. Niliwahi kumruhusu mwenzangu aje kuangalia kipindi changu, kirafiki tu. Akaandika karatasi mbili. Wiki ya pili nikaitwa kwa mwalimu mkuu, karatasi zile ziko mezani kwake, zimepigiwa mstari. Mwenzangu aliapa hakuwa na nia mbaya, eti aliulizwa tu "mlikuwa mnafanya nini darasa la sita", akatoa karatasi. Kikao cha walimu kikafunguliwa na habari zangu. Tangu siku hiyo mtu akitaka kuangalia kipindi changu achungulie dirishani kama wazazi.

Chaki ya Zamani · saa 3:05 usiku

Mwalimu wa 5B, hongera kwa kuhesabu hao 41. Wengi huishia "wengi wamekosa".

Nilifundisha miaka mingi, kisha nikawa upande wa uthibiti ubora wa shule, enzi hizo bado tunaitwa wakaguzi. Nimekaa nyuma ya madarasa kuliko nilivyokaa msikitini, Mungu anisamehe. Sasa sikiliza. Barua yako umeomba vitu vinne halafu ukaongeza "na mengineyo". Mtu akiombwa aangalie kila kitu hutazama kinachopiga kelele zaidi: mwandiko wa ubaoni, sauti yako, mtoto aliyelala. Mwenzako wa mwaka jana hakuwa mvivu. Hukumpa kazi, akajitafutia.

Halafu habari yenye uzito kuliko zote umetuandikia sisi hapa, yeye hujamwandikia. Watoto 41 waliitikia vizuri wakaandika vibaya. Akiijua hiyo, atakuja na jicho lingine.

Nikuulize swali moja tu kabla sijaendelea. Kati ya ulivyofanya siku ile, unashuku nini? Usiniambie "mbinu".

Ticha wa 5B · saa 3:20 usiku

Shikamoo mwalimu. Nashuku ile kuitikia. Nahisi kuna watoto kumi na kitu wanabeba darasa zima kwa sauti, wengine wanapanda gari la wenzao. Ila nikiwa mbele nasikia "sitaaa" moja tu kubwa, siwezi kuchambua nani kaanza na nani kadandia.

Chaki ya Zamani · saa 3:34 usiku

Marhaba. Basi barua umeshaiandika, bado kuihamishia kwenye karatasi.

Wewe huwezi kuona kwa sababu unaandika ubaoni, unafikiria mfano unaofuata, unaangalia saa. Yeye hana kazi hizo. Kwa hiyo mwombe jambo moja ambalo wewe kwa nafasi yako huliwezi: atazame midomo.

Mtoto anayejua jibu huanza na wenzake. Asiyejua husubiri asikie, kisha hudakia mwisho wa neno. Ukimtazama usoni unaona, mdomo wake unafunguka nusu sekunde baada ya wengine, na macho yako kwa jirani. Wengine hawafungui kabisa. Ila watoto 78 hatawaweza. Mchagulie 6. Angalia madaftari, chukua wawili waliopata yote, wawili wa katikati, wawili waliokosa yote. Mpe namba za madawati na upande waliokaa, lakini usimwambie nani ni nani. Ukimwambia "huyu wa dawati la 24 ni mzito", atamwona mzito hata akiitikia wa kwanza.

Kingine, asikae nyuma. Nyuma anaona visogo. Akae mbele pembeni, upande wa mlango, uso kwa uso na watoto.

Fundi Vipimo · saa 3:50 usiku

Mzee nakuheshimu, ila hapa tunarudi kwenye mambo ya kubahatisha. Kuna fomu za kuangalia somo zenye vigezo, unapewa alama 1 hadi 4 kila kigezo: utangulizi, ujuzi mpya, zana, tathmini, hitimisho. Mwenzake aje na fomu, ajaze, mwisho wanajumlisha. Akija tena mwezi ujao analinganisha alama. Bila kipimo kimoja kwa wote, mrejesho unakuwa maneno ya kahawa.

Na amwongezee ahesabu sekunde anazosubiri baada ya kuuliza, achore ramani ya nani kaulizwa, aandike maswali yote neno kwa neno. Asitoke mtupu.

Chaki ya Zamani · saa 4:02 usiku

Fundi, kwenye kulinganisha uko sahihi, na hayo maneno ya kahawa nimeyasikia mengi. Fomu inafaa mtu akitaka kujua shule nzima ikoje, au mwalimu mgeni yuko wapi. Huyu ameshajua tatizo liko wapi. Fomu itampa 3 kwenye "ushirikishaji wa wanafunzi", kwa sababu darasa linaitikia kwa nguvu! Kile kile kinachomdanganya yeye kitaidanganya fomu.

Sekunde za kusubiri ni jambo zuri sana. Mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliliandika miaka ya 1970: walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya swali, na wakisubiri 3 au zaidi watoto hujibu kwa maneno mengi zaidi, hata wale wa kimya hujitokeza. Lakini mtu anayetazama mshale wa saa hatazami midomo. Macho ni mawili na yote huenda pamoja. Sekunde ziwe safari nyingine.

Dogo wa Mbagala · saa 4:10 usiku

Si aweke simu mbele irekodi video? Unatazama mara mia, unasimamisha, unarudisha. Mambo ya kuita watu ya nini.

Mama Wawili · saa 4:13 usiku

Watoto wa watu hao. Leo kipindi, kesho umekuta kipo kwenye stetasi ya mtu.

Fundi Vipimo · saa 4:21 usiku

Pia simu moja haiwezi kuona midomo ya watoto 78, nimejaribu. Unapata mgongo wa mwalimu na feni. Sauti ndiyo inasaidia, ukitaka kujisikiliza wewe mwenyewe maswali yako.

Ticha wa 5B · Jumatatu, saa 2:05 usiku

Asanteni. Nimeandika upya leo kwenye daladala. Mnihukumu.

> Kichwa: Naomba uje 5B Jumatano kipindi cha 3 (saa 3:20 hadi 4:00) kutazama jambo moja
>
> Mwalimu mwenzangu, habari za kazi.
>
> Wiki iliyopita nilifundisha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Darasa liliitikia kila swali kwa pamoja na mwisho walisema wameelewa. Kwenye zoezi, watoto 41 kati ya 78 waliandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Nashuku kuwa kuitikia kwa pamoja kunanidanganya: wachache wanajua, wengi wanafuata sauti. Nikiwa mbele siwezi kuwatofautisha. Jumatano narudia mada hiyo, ndiyo maana naomba macho yako.
>
> Naomba utazame watoto 6 ambao nimeweka alama kwenye mchoro wa madawati nilioambatanisha. Kila nikiuliza swali la darasa zima, mtazame mmoja wao usoni, swali linalofuata mwingine, mpaka wazunguke wote, halafu anza tena. Andika M akianza na wenzake, N akidakia nyuma yao, K akikaa kimya. Kama hukuona vizuri, acha wazi, usikisie. Nimeficha kwa makusudi nani alipata na nani alikosa zoezi.
>
> Anza kuhesabu nitakapoandika mfano wa kwanza ubaoni, acha nitakapotoa zoezi. Itakuwa kama dakika 20. Kiti chako nitakiweka mbele upande wa mlango. Ukiweza ingia dakika 5 kabla, watoto wakuzoee.
>
> Mwandiko wangu, zana na nidhamu ya darasa usivishughulikie safari hii. Sihitaji alama wala sifa. Nahitaji hizo M, N na K, na sentensi yoyote ya mtoto uliyoinukuu kama alivyoisema.
>
> Karatasi utakayoandika nitaomba uniachie mimi, nakala isibaki. Mwalimu wa taaluma anajua kuwa unakuja, ila matokeo ni yetu wawili. Tukae dakika 15 saa ya uji, nitaanza kusema mimi nilivyoona, kisha unisomee ulichoandika.
>
> Kama Jumatano haikufai, Ijumaa kipindi cha 2 pia nina 5B. Na ukinihitaji darasani kwako, niambie.

Mama Wawili · saa 2:20 usiku

Hapo kwenye karatasi umenigusa. Mimi ningekuwa na sentensi hiyo moja tu yasingenikuta.

Chaki ya Zamani · saa 2:41 usiku

Vizuri sana kumjulisha mwalimu wa taaluma. Ukimficha, karatasi itatafutwa. Ukimwambia mapema, haina ladha.

"Kama hukuona vizuri, acha wazi" usiifute hata ukibanwa na urefu. Mtu akijua unangojea namba, atakujazia namba.

Dogo wa Mbagala · saa 2:55 usiku

Mimi swali langu bado. Huyo unayemwita anafundisha Kiswahili. Atajua nini kuhusu kigawe kidogo cha shirika, hiyo KDS yenu? Tatizo lako huenda si kuitikia, ni Hisabati yenyewe. Mtoto aliyeandika 2/5 hajui kuwa 2/5 ni ndogo kuliko nusu. Amechukua nusu chapati, akaongezewa theluthi, akabaki na chini ya nusu, na hajashtuka! Hapo unahitaji mwalimu wa Hisabati akae nyuma akwambie maelezo yako yana tundu wapi, hiyo midomo achana nayo.

Fundi Vipimo · saa 3:02 usiku

Dogo leo umeamka. Namuunga mkono.

Chaki ya Zamani · saa 3:15 usiku

Hoja ya chapati ni nzito, na sina jibu jepesi. Mwalimu wa somo lako huona makosa ya somo. Lakini pia hufuata maelezo yako kichwani, anajijazia palipo na tundu kwa sababu anajua jibu, na mwisho anasahau kutazama watoto. Asiyelijua somo hukaa kama mtoto. Kwa swali hili la midomo ningemchukua wa Kiswahili. Kwa swali la Dogo, la.

Ticha wa 5B · Alhamisi, saa 1:15 jioni

Wakuu, nimerudi. Jana alikuja. Naleta yote, hata yanayoniaibisha.

Kwanza watoto walimkodolea macho kama mganga. Mpaka dakika ya 10 hivi wakamsahau. Kwa hiyo lile la kuingia mapema na kuanza kuhesabu baadaye lilikuwa na maana, angeanza mwanzo angehesabu watoto wanaojionyesha.

Ndani ya zile dakika 20 niliuliza maswali 34. Ya jina, yaani "wewe fulani jibu", yalikuwa 7. Ya darasa zima 27. Katika hayo 27, matatu nilimziba kwa kusimama mbele yake, akaacha wazi. Yakabaki 24, kila mtoto mara 4. Karatasi yake iko hivi:

Dawati la 2: M M M M
Dawati la 5: M M N M
Dawati la 11: N N N M
Dawati la 17: N K N N
Dawati la 20: N N N N
Dawati la 24: K K N K

Nilipoiona nikasema hapa ndipo, ushahidi huo. Nikachukua madaftari tulinganishe. Hapo nikanyamaza.

Yule wa dawati la 20, binti, ambaye kila mara anadakia nyuma, alikuwa amepata yote 5 wiki iliyopita, na jana pia kapata yote. Yule wa dawati la 5, anayeanza kwa sauti kubwa kuliko wote, ndiye kaandika 2/5 wiki iliyopita na jana kaandika tena. Wa 24, kimya chake ni kweli hajui. Wa 2 ni kweli anajua.

Kwa hiyo mzee wangu, kwa heshima, kudakia nyuma hakumaanishi hajui.

Chaki ya Zamani · saa 1:50 jioni

Nimepokea. Binti wa 20 huenda ni mwoga, au anafikiri kwanza. Nilisema kwa uhakika kuliko ninavyostahili. Na wa 5 anajua wimbo, hajui maneno.

Mara 4 kwa mtoto ni chache pia, usimhukumu mtoto kwa herufi nne.

Fundi Vipimo · saa 1:58 jioni

Ndiyo maana nilisema fomu.

Dogo wa Mbagala · saa 2:00 usiku

Fomu ingemwambia nini kuhusu binti wa 20, Fundi?

Ticha wa 5B · saa 2:12 usiku

Subirini, bado. Kuna kitu sikukiomba.

Tulipomaliza kuongea saa ya uji, mwenzangu akatoa karatasi ya pili, imekunjwa. Akasema "Hii hukuniomba. Nimeandika kwa sababu imenijia. Ukitaka nakupa, hutaki naitupa kwenye jiko la uji pale." Nikaichukua.

Alikuwa amenukuu maswali yangu kama nilivyoyasema. Nayanakili:

"Sita gawa kwa mbili ni ta...?" Watoto: "Tuuu!"
"Kwa hiyo asili yetu ya shirika ni si...?" Watoto: "Taaa!"
"Hii ya juu tunaiita kia...?" Watoto: "Siii!"

Yeye ni mwalimu wa Kiswahili, masikio yake yako kwenye silabi. Maswali 27 ya pamoja, 15 nilitaja mwanzo wa jibu mwenyewe. Yaani mtoto hahitaji kujua 6 ÷ 2. Anahitaji kujua neno linaloanza na "ta" ni lipi, na kati ya tatu na tano atachagua kwa kusikia tu. Sikuwahi kujisikia nikifanya hivyo. Miaka 9 kazini.

Dada yangu mmoja nyumbani nilipomsimulia akacheka, akasema hata nyumbani nawauliza watoto hivyo hivyo, "mmenawa mi...?" "Konooo".

Mama Wawili · saa 2:25 usiku

Hahaha jamani. Na mimi nafanya. Sasa hivi nimemwambia mwanangu "kesho unavaa sa...".

Lakini mwalimu, hukumwambia aandike hilo. Angekuwa mwingine ungefurahi? Wewe umempa mipaka, yeye akaivuka. Leo kaona silabi, kesho ataona jinsi unavyovaa.

Chaki ya Zamani · saa 2:44 usiku

Kaivuka kwa adabu. Karatasi tofauti, imekunjwa, akauliza kwanza, na nafasi ya kuichoma ipo. Mimi ningefanya hivyo hivyo.

Mama Wawili · saa 2:49 usiku

Mzee, ukishaambiwa "nina karatasi nyingine" utakataa vipi? Utalala? Mimi bado nasema angekaa nayo mpaka aombwe.

Fundi Vipimo · saa 2:56 usiku

Niko na Mama Wawili kwenye hili, ajabu. Ila kwa matokeo haya hata mimi ningeisoma.

Dogo wa Mbagala · saa 3:04 usiku

Na ile chapati?

Ticha wa 5B · saa 3:18 usiku

Dogo chapati nimeifanyia kazi leo asubuhi. Kabla ya KDS yoyote nikaandika ubaoni 1/2 + 1/3 na swali moja tu: jibu litazidi nusu au halitafika? Nikawakataza kutamka. Kila mtu aandike nyuma ya daftari "inazidi" au "haifiki", ainue. Watoto 78 siwezi kusoma wote, nikasoma madawati ya pembeni mwa vijia nikipita. Kwa nilivyoona, walioandika "haifiki" walikuwa wengi kupita kiasi. Na binti wa 20 kaandika "inazidi", tena kapiga mstari chini.

Darasa lilikuwa kimya na ilinichukua dakika 6 kwa swali moja. Mwalimu wa darasa la jirani kaja kuuliza kama niko salama.

Fundi Vipimo · saa 3:27 usiku

Dakika 6 kwa swali, mada itaisha lini?

Ticha wa 5B · saa 3:31 usiku

Sijui. Hilo nalo linanitisha.

Jambo la mwisho, naomba msaada tena. Mwenzangu jioni hii ameniandikia yeye. Naiweka kama ilivyo, ameniruhusu:

> Kichwa: Zamu yako. Jumanne, Kiswahili la sita, kipindi cha mwisho mchana
>
> Naandika sana ubaoni, na nikisahihisha nakuta watoto wa madawati ya nyuma wameruka mistari katikati. Sijui kama hawaoni, wanachoka, au nafuta mapema. Naomba ukae na madawati matatu ya nyuma upande wa dirisha. Kila nikianza kufuta, tazama wako mstari wa ngapi, andika. Basi. Karatasi naichukua mimi.

Nitajuaje wako mstari wa ngapi bila kuwainamia? Nikisimama juu yao wataandika haraka kuliko kawaida.

Chaki ya Zamani · saa 3:45 usiku

Mwombe aweke namba mwanzoni mwa kila mstari ubaoni, na watoto wanakili na namba. Wewe kaa kwenye kiti kifupi kando ya dawati la mwisho, usawa wao, daftari lako mapajani kama na wewe unanakili. Utaona namba kwa jicho la pembeni. Na kabla watoto hawajaingia, kaa pale pale kwenye dawati lao usome ubao mwenyewe. Kipindi cha mwisho mchana jua la dirishani huwaka ubaoni.